Kiwanja cha Pongwe: barua mbili kwa mkaaji mmoja

Barua ya kwanza ilikuwa na mistari mitano, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. "Wewe mvamizi, nakupa siku saba uwe umeondoka kwenye kiwanja changu. Zikipita, nyumba naibomoa na vyombo vyako utavikuta barabarani. Mimi ndiye mmiliki." Chini kulikuwa na sahihi na namba ya simu. Haikuwa na tarehe, haikutaja namba ya kiwanja, wala haikusema umiliki huo unathibitishwa na nini.

Barua ya pili ilitoka miezi tisa baadaye, imepigwa chapa, ina viambatisho vinne, na aliyeitia sahihi ni mtu mwingine wa familia ile ile. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, na barua hiyo ya pili niliisaidia kuandikwa. Nimeondoa majina na namba, na mambo machache nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa kisa nimeuacha ulivyokuwa, maana makosa ya barua ya kwanza nayaona kila mwezi mezani kwangu.

Kiwanja kiko Pongwe, upande wa barabara iendayo Muheza. Baba wa familia alimilikishwa mwaka 1998 kwa hati ya miaka 33. Alipanda miembe miwili, akarundika matofali, akasubiri pesa ya kujenga. Alifariki Machi 2014 bila kujenga. Watoto wawili walikuwa Dar es Salaam, na binti mdogo yuko Tanga mjini. Kodi ya pango la ardhi ililipwa mara ya mwisho mwaka 2013. Hakuna aliyefungua mirathi, kwa sababu hapakuwa na ugomvi wala pesa benki, na kiwanja walikiona kama kitu kisichokimbia.

Mwaka 2017 akaja mkaaji. Alianza na shamba la mihogo, kisha banda la makuti, kisha chumba na sebule vya tofali za saruji, bati juu. Ana mke na watoto watatu. Binti alimwona mapema, akamuuliza, naye akajibu kwa upole kabisa, "Dada, mimi nimeuziwa na wenyewe." Binti akawapigia simu kaka zake, kaka mkubwa akasema watakuja sikukuu. Sikukuu zikapita sita.

Kaka mkubwa alipokuja Agosti 2023 ndipo akaandika ile barua ya mistari mitano. Hasira yake naielewa. Ila mkaaji hakuichana. Aliiweka kwenye bahasha, akaipeleka serikali ya mtaa, kisha kituo cha polisi, akaeleza kwamba ametishiwa kubomolewa nyumba. Kaka mkubwa akaitwa kutoa maelezo. Yeye aliyetarajia polisi wamtoe mvamizi, akajikuta ndiye anayeonywa.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kuingia kwa jinai ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, ni kweli. Lakini pale mtuhumiwa anaposema kwa dhati kwamba ardhi ni yake, na ana karatasi ya kuonyesha, mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kwanza iamuliwe kwa njia ya madai nani mwenye ardhi, ndipo jinai izungumzwe. Kwa hiyo polisi huwaambia watu waende baraza la ardhi, na watu hudhani wamepuuzwa. Kinyume chake, anayebomoa nyumba ya mtu kwa mkono wake anaweza kushitakiwa kwa uharibifu wa mali hata kama kiwanja ni chake. Mwenye kumtoa mkaaji kwa nguvu ni dalali wa mahakama, akiwa na amri mkononi.

Walipokuja kwangu, swali langu la kwanza lilikuwa, "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Wakatazamana.

Hati ilikuwa bado na jina la marehemu. Kaka mkubwa aliandika "mimi ndiye mmiliki" lakini kisheria hakuwa mmiliki, wala hakuwa na mamlaka ya kuandika kwa niaba ya mwenye hati. Mtoto wa marehemu ni mrithi, na mrithi ana sehemu yake itakapogawiwa. Mali ya marehemu kabla ya kugawiwa hudaiwa na kutetewa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Shauri linalofunguliwa na mtoto tu, hata akiwa wa kwanza kuzaliwa, hutupwa kabla ya hati kufunguliwa na kusomwa. Barua yenye kasoro hiyo haikupotezei kesi papo hapo, ila inampa mwenzako silaha: akikuuliza baadaye kwa nini ulijiita mmiliki, jibu huna.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza binti mdogo, kwa kuwa ndiye aliye Tanga na ndiye mwenye subira. Mahakama ya Mwanzo ikamteua Februari 2024 na kumpa barua ya usimamizi, ile Fomu Namba 4. Kiwanja kikaingizwa kwenye orodha ya mali za marehemu. Kaka mkubwa alinuna kidogo, kisha akakubali.

Swali la pili lilikuwa la muda, na hapa ndipo niliposhtuka. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Familia walikuwa wakihesabu kuanzia 2017, mkaaji alipoingia, wakaona wana hadi 2029. Nikawapeleka kwa wakili tunayeshirikiana naye. Yeye akafungua Sheria ya Ukomo wa Muda na kuwaonyesha kwamba kwa ardhi ya marehemu aliyekufa akiwa bado anaimiliki, hesabu huweza kuanzia siku ya kifo. Tena sheria hiyo haimhesabii msimamizi kipindi cha kabla ya kuteuliwa kwake kama likizo: saa hutembea kana kwamba aliteuliwa siku ile ile ya msiba. Kwa hesabu hiyo mwisho si 2029 bali Machi 2026. Unaweza kubishana kuhusu hesabu ipi ni sahihi kwa mtu aliyeingia miaka mitatu baada ya kifo, lakini wakili hakutaka kubishana kwa mali ya watu. Akasema tuchukue tarehe iliyo karibu.

Na barua haisimamishi saa hiyo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakiandika ilani kila mwaka, wanazihifadhi vizuri, wakiamini kila barua inaanzisha hesabu upya. Kinachosimamisha saa ni shauri lililofunguliwa. Ilani ina kazi nyingine: inamwondolea mkaaji neno la kusema hakujua, inaonyesha mwenye kiwanja hakuridhia kwa kunyamaza, na inaweka tarehe ambayo baada yake kila tofali analoongeza ameliongeza kwa hiari yake. Kama angekuwa aliwekwa pale na mwenyewe, kama mlinzi au ndugu aliyehifadhiwa, ilani ingekuwa pia ndiyo inayofuta ruhusa ile. Huyu hakuwekwa na mtu wa familia, na hilo tulihakikisha kwa kuwauliza ndugu wote mmoja mmoja.

Kabla ya kuandika tukakusanya ushahidi. Hati yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la bati, imeliwa na mende pembeni lakini inasomeka. Hati iliyo mkononi inakuambia hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Hali ya leo unaambiwa na rejista. Kwa hiyo msimamizi akaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, ule ambao wengi huuita sachi. Majibu yalikuja kwamba mmiliki ni marehemu yule yule, hakuna rehani, hakuna zuio. Kama kungekuwa na zuio limewekwa na mkaaji, au hati imeshahamishwa, barua yote ingebadilika.

Tukalipa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, yote, na adhabu zake. Iliwauma, lakini mtu anayedai kiwanja kwa hati huku hajatimiza masharti ya hati hiyo hiyo anasimama kwa mguu mmoja. Deni la kodi halimpi mkaaji umiliki. Linaweza kuifanya serikali ianze hatua za kubatilisha milki, na hapo wagombanaji wote wawili wanakosa. Sharti la kuendeleza kiwanja, ambalo kwa kawaida huwa ndani ya miezi 36, nalo lilikuwa limevunjwa zamani. Hatukuligusa kwenye barua.

Kisha mpimaji. Hapa nitakaa kidogo. Watu wengi huandika "umeingia kwenye kiwanja changu" bila kuhakikisha kwamba nyumba ile iko ndani ya kiwanja kile. Ramani ya hati ilionyesha bikoni nne za mipaka. Mpimaji alikuja na kifaa chake asubuhi, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, na mkaaji akaombwa asimame ashuhudie. Bikoni ya kwanza ilikuwa wazi kando ya njia. Ya pili na ya tatu zilikutwa chini ya matuta ya mihogo, saruji yake imegeuka nyeusi, namba zinasomeka baada ya kusuguliwa na jani. Ya nne haikuwepo, ilibidi irudishwe kwa vipimo. Kamba ilipovutwa, nyumba ilikuwa ndani, ila ukuta wa nyuma wa choo ulikuwa umetoka nusu mita na kuingia kwa jirani. Jirani hakuwa anajua. Kama tungeandika kwamba majengo yote yamo ndani ya kiwanja chetu, mkaaji angetushika uongo kwa futi moja na nusu ya choo, na mtu akishakushika uongo mdogo barazani, ukweli mkubwa nao unapungua uzito.

Baada ya hapo tukaomba mkaaji atuonyeshe karatasi yake. Hakuikataa. Ilikuwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, ya 2017: fulani bin fulani anauza "kipande cha shamba la urithi, kaskazini mwembe, kusini njia ya watu kwa miguu", mashahidi watatu, muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule ndio aliokuwa akiuamini. Kwa kweli alilipa pesa yake halali, na alifuata njia ambayo kila mtu mtaani huifuata. Lakini serikali ya mtaa haina mamlaka ya kugawa wala kuhamisha kiwanja kilichopimwa na kutolewa hati. Muhuri wake unashuhudia kwamba watu wawili wameandikiana mbele yake. Uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hukamilika kwa Msajili, na pale jina la muuzaji huyu halikuwahi kufika.

Mahakama ya Rufani imeliweka hili wazi katika Rufaa ya Madai Namba 35 ya 2019: wakishindana watu wawili juu ya ardhi, mwenye hati ndiye atakayechukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kwa sababu hoja ya mkaaji haikuwa kwamba hati ni bandia. Hoja yake, aliyoisema barazani kwake akitutilia chai, ilikuwa hii: "Wakati serikali inapima huku, wenyeji hawakulipwa. Sasa walichukuaje shamba la watu wakakupeni nyinyi hati?"

Ni hoja nzito. Ardhi ya mwenyeji anayeimiliki kimila haiwi ya bure kwa sababu mpimaji amepita. Kama ni kweli hakufidiwa, hati iliyozaliwa juu yake inaweza kushambuliwa, na sisi tungekuwa tumeandika barua ya kujiamini juu ya msingi uliopasuka.

Ikabidi msimamizi aandike barua ofisi ya ardhi ya jiji kuomba kuona kumbukumbu za upimaji wa eneo lile. Alikwenda mara tano. Mara ya tano mhudumu wa masjala alitoa jalada lenye vumbi, na ndani yake ikapatikana orodha ya fidia ya mazao. Mstari mmoja ulitaja minazi kumi na mmoja na miembe, jina la mwenyeji, kiasi cha pesa, na mbele yake dole gumba la wino wa zambarau. Jina lilikuwa la baba yake yule aliyemuuzia mkaaji. Mzee alilipwa minazi yake, akaondoka. Miaka karibu ishirini baadaye mwanawe akauza pale pale kama urithi.

Sasa barua ikaweza kuandikwa. Nainukuu yote isipokuwa majina na namba.

"Msimamizi wa Mirathi ya Marehemu …, S.L.P. …, Tanga. Tarehe 6 Mei 2024.

Kwa Ndugu …, Pongwe, Tanga.

YAH: ILANI YA KUONDOKA KATIKA KIWANJA NA. …, KITALU …, PONGWE, JIJI LA TANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mirathi ya marehemu …, niliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo katika Shauri la Mirathi Na. … la 2024. Nakala ya barua ya usimamizi imeambatishwa. Barua isiyo na tarehe uliyopewa mwezi Agosti 2023 na mmoja wa warithi haikutoka kwa msimamizi, na kwa ilani hii naiondoa.

Kiwanja kilichotajwa kimesajiliwa kwa jina la marehemu kwa Hati Na. … ya mwaka 1998. Majibu ya upekuzi ya mwezi Aprili 2024 yanaonyesha kuwa hadi sasa hakijahamishwa kwa mtu mwingine yeyote. Taarifa ya mpimaji, aliyeonyesha mipaka mbele yako na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, inaonyesha kuwa nyumba yako ya vyumba viwili na shamba la mihogo vimo ndani ya kiwanja hicho.

Umenionyesha hati ya mauziano ya mwaka 2017. Aliyekuuzia hakuwa mmiliki wa kiwanja hiki. Kumbukumbu za fidia zinaonyesha kuwa mzazi wake alilipwa kwa mazao yaliyokuwa katika eneo hilo kabla halijagawiwa. Nakala imeambatishwa ili uisome mwenyewe. Marehemu, na mimi baada yake, hatukukupa ruhusa ya kukaa wala kujenga.

Kwa hiyo nakutaka uondoke na kukikabidhi kiwanja kikiwa wazi ndani ya siku 30 tangu utakapopokea ilani hii. Una hiari ya kuvuna mihogo yako na kuchukua mabati, milango, madirisha na vifaa vyako vyote. Tangu leo usijenge, usipangishe, wala usimuuzie mtu mwingine sehemu yoyote. Utakachoongeza baada ya ilani hii utakuwa umekiongeza kwa gharama yako na bila haki ya kukidai kwangu.

Kama una ushahidi mwingine wa umiliki, nipatie nakala ndani ya siku 14. Siku 30 zikipita bila wewe kuondoka, nitapeleka suala hili Baraza la Kata na kisha, ikibidi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako nitaomba amri ya kukuondoa, fidia ya matumizi ya kiwanja na gharama za shauri.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa; Afisa Mtendaji wa Kata."

Neno "mvamizi" halimo. Kaka mkubwa alitaka liwemo, nikakataa. Mtu aliyelipa pesa yake akaandikiwa mbele ya mwenyekiti hajioni mvamizi, na ukimwita hivyo hasomi sentensi inayofuata. Pia hakuna tishio lolote isipokuwa la kwenda kwenye chombo chenye mamlaka. Siku 30 hazikutoka kwenye sheria yoyote. Sheria haikupangii siku za kumpa mtu aliyeingia bila ruhusa. Tulizichagua kwa kutazama mihogo iliyokuwa shambani na watoto waliokuwa shule ya pale, na kwa kuwa siku saba kwa nyumba yenye familia zingesomeka kama ukatili popote zitakaposomwa.

Mtu huweza kuuliza kwa nini tumwonyeshe ushahidi wetu wote mapema. Kuna wanaoshauri kuficha. Mimi ninaonyesha, kwa sababu nakala za hati na upekuzi hazibadiliki kwa kuonwa na mtu, na mara nyingi mkaaji hajawahi kuonyeshwa chochote zaidi ya kelele. Nyaraka halisi hazitoki mkononi, hilo ndilo la kulinda. Hata kwenye picha ya simu, hati ipigwe nakala ya kivuli kwanza.

Kupeleka ilani nako kuna namna yake. Tulichapa nakala tatu. Msimamizi alikwenda na mjumbe wa mtaa saa kumi na moja jioni, wakati wenye nyumba wamerudi. Mkaaji alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili akakaa kwenye ngazi. Akasema hatii sahihi. Hakulazimishwa. Mjumbe akaandika nyuma ya nakala yetu: amepewa, amesoma, amekataa kusaini, tarehe na saa, kisha akasaini yeye. Karatasi ikaachwa mkononi mwa mkaaji. Angeikataa hata kuishika, tungeibandika mlangoni na kupiga picha mlango na karatasi pamoja. Kesho yake nakala nyingine ikatumwa kwa posta kwa rejista, risiti ikawekwa jaladani.

Siku 30 zikapita. Hakujenga tena, lakini hakuondoka.

Tukaenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena nani mshindi, linapatanisha tu. Lakini huwezi kuliruka: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri la umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha, au siku 30 ziwe zimepita tangu ulipolifikisha bila suluhu. Nimeona mashauri mazuri yakitupwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Upande wa thamani hatukuwa na shaka, maana kwa madai ya kurudishiwa ardhi baraza la wilaya husikiliza hadi shilingi milioni 300, na kiwanja kile hakikaribii hapo.

Siku ya kwanza mbele ya Baraza la Kata, mkaaji alitoa kwanza barua ya kaka mkubwa na kuisoma kwa sauti. Wajumbe wakageuka kumtazama kaka mkubwa. Msimamizi akaomba nafasi, akasoma aya ya pili ya ilani, pale anapoiondoa barua ile. Hapo niliona faida ya mstari mmoja tulioubishania nusu saa.

Siku ya pili mkaaji alikuja na mambo ambayo sikuyatarajia. Kumbe ndani ya siku zile alikwenda mwenyewe ofisi ya ardhi, akalipa, akaomba upekuzi kwa jina lake. Akapewa majibu yale yale tuliyompa. Kisha akaishika ile nakala ya orodha ya fidia, akaweka kidole juu ya dole gumba la zambarau, akamwambia mwenyekiti wa baraza, "Huyu mzee namjua. Nimemzika mimi. Mwanawe aliniapia kwamba hawakulipwa hata senti." Akanyamaza. Mkewe, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, alianza kulia.

Suluhu iliandikwa siku hiyo, Agosti 2024. Mkaaji anakiri kiwanja ni cha mirathi ya marehemu. Atakaa hadi 31 Desemba kwa ruhusa ya msimamizi, si kwa haki yake, ili watoto wamalize mwaka wa shule. Atavuna mihogo, atachukua bati, mbao, milango na tofali atakazoweza kuzibandua. Msimamizi hadai fidia ya matumizi ya miaka saba. Hayo maneno "kwa ruhusa" tuliyasimamia sana, kwa sababu mtu aliyekiri kukaa kwa ruhusa hawezi kesho kugeuka na kusema muda umempa umiliki. Kaka mkubwa aliona familia imepoteza pesa. Mimi naona kesi ya miaka mitatu yenye nauli za Dar kila mwezi ingekula zaidi.

Kama suluhu isingepatikana, tungekuwa na karatasi ya kushindwa kupatanisha mkononi na muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya Machi 2026. Ndiyo sababu sikuruhusu mazungumzo ya pembeni yavuke mwaka huo, hata pale mkaaji alipoomba "tuelewane tu kiutu uzima" bila maandishi.

Aliondoka tarehe 28 Desemba. Nyumba ilibaki kuta tupu, madirisha yametolewa taratibu bila kuvunja ukingo. Choo alikifukia mwenyewe, pamoja na ile nusu mita ya jirani. Bikoni ya nne imewekwa upya kwa saruji, na msimamizi ameshapeleka maombi ya kusajiliwa kwenye hati kama msimamizi wa mirathi, ili upekuzi ujao usimwonyeshe marehemu peke yake.

Siku ya kukabidhi kiwanja, mkaaji aliniita pembeni akaomba nakala iliyothibitishwa ya orodha ya fidia. Anataka kumdai aliyemuuzia. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na kutoka 2017 ilikuwa imeshapita, lakini palipo na udanganyifu hesabu huanza pale aliyedanganywa alipougundua, na yeye ameugundua 2024. Mimi sikuweza kumsaidia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nikamwandikia kwenye karatasi jina la mwenzangu anayekaa Muheza, na msimamizi akampa nakala bila kumtoza chochote.